Opsheni ya Mei iliyoisha Aprili: kisa cha mafuta ya WTI, 2020

Jumatatu ya tarehe 20 Aprili 2020 inakumbukwa na kila anayefuatilia masoko. Siku hiyo fyucha ya mwezi wa Mei ya WTI, mafuta ghafi ya Marekani, yaani mkataba wa kununua au kuuza mafuta hayo kwa bei inayokubaliwa leo na kukabidhiana baadaye, ilifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Mengi yameandikwa kuhusu waliokuwa na fyucha zenyewe. Mimi nataka kurudi nyuma hadi Alhamisi ya tarehe 16, kwa sababu kuna kundi la watu ambao hawakuwahi kununua fyucha hata moja, lakini kufikia Ijumaa asubuhi wangeweza kukuta wanayo. Hao ni walionunua au kuuza opsheni, yaani haki, isiyo na ulazima, ya kununua au kuuza fyucha kwa bei iliyopangwa, ambayo anayeitaka huilipia ada.

Bei za soko nitakazotumia ni za kweli. Wafanyabiashara wawili wa kisa hiki, pamoja na ada walizolipa au kupokea, nimewatunga ili hesabu ionekane. Wa kwanza ni mnunuzi. Amenunua opsheni moja ya kununua mafuta ya Mei kwa bei ya dola 15, na tuseme amelipa ada ya dola 5.50 kwa pipa. Wa pili ni muuzaji. Ameuza opsheni moja ya kuuza, bei yake dola 20, yaani aliyeinunua akiitekeleza, yeye lazima anunue kwa bei hiyo, na amepokea ada ya dola 1.20 kwa pipa. Wote wawili wanaamini mafuta yameshuka vya kutosha na yatapanda. Mnunuzi ameambiwa, kama tunavyoambiwa wote siku ya kwanza, kwamba hawezi kupoteza zaidi ya ada aliyolipa.

Kwanza tuone opsheni hii imesimama juu ya nini. Opsheni ya hisa ukiitekeleza unapata hisa. Hii ya mafuta haikupi mafuta wala haikupi fedha taslimu. Inakupa fyucha moja ya WTI, ile inayouzwa katika soko la NYMEX lililo chini ya CME Group, ambayo kwenye skrini huonekana kwa alama ya CL. Fyucha hiyo ni ya mapipa 1,000, kwa hiyo kila senti moja ya bei ni dola 10, na dola moja ya bei ni dola 1,000. Anayeishikilia mpaka mwisho wa muda wake analazimika kupokea au kutoa mafuta halisi huko Cushing, katika jimbo la Oklahoma. Kwa hiyo kuna ngazi mbili. Opsheni ni haki juu ya fyucha, na fyucha ni wajibu juu ya mapipa. Ada ya opsheni inakaribiana na arubuni, ila arubuni huhesabiwa ndani ya bei na ada hii hairudi. Ukishuka ngazi moja, haki inageuka kuwa wajibu, na hapo ndipo kisa chetu kilipo.

Ngazi hizo mbili zina kalenda mbili tofauti. Fyucha ya Mei haifiki Mei. Biashara yake hukoma siku tatu za kazi kabla ya tarehe 25 ya mwezi unaotangulia, na tarehe 25 ikiwa si siku ya kazi, hesabu huanzia siku ya kazi iliyo kabla yake. Mwaka 2020 tarehe 25 Aprili ilikuwa Jumamosi, hivyo hesabu ilianzia Ijumaa ya tarehe 24, na siku ya mwisho ikawa Jumanne ya tarehe 21 Aprili. Opsheni nayo huisha siku tatu za kazi kabla ya fyucha yake. Kutoka Jumanne ya tarehe 21 ukirudi nyuma unapita Jumatatu na Ijumaa, kisha unafika Alhamisi ya tarehe 16. Kwa hiyo opsheni iliyoitwa ya Mei iliisha katikati ya Aprili. Mwezi ulioandikwa kwenye opsheni ni mwezi wa fyucha iliyo chini yake, hausemi opsheni inakoma lini.

Kalenda zimeachana makusudi. Aliyepata fyucha kwa njia ya opsheni anahitaji siku chache za kuiuza au kuinunua tena kabla haijawa suala la matangi na mabomba. Katika mwezi wa kawaida siku hizo tatu hupita bila mtu kuzitazama. Safari hii zilikuwa Ijumaa, Jumatatu na Jumanne.

Kuna jambo jingine la kukaa nalo kidogo kuhusu kilicho chini ya opsheni, kwa sababu linawachanganya hata watu wenye uzoefu. Siku ile ya Alhamisi fyucha ya Mei ilifunga kwa dola 19.87, na fyucha ya Juni ikafunga kwa dola 25.53. Mafuta ni yale yale na mahali ni pale pale, lakini kati ya bei hizo kuna tofauti ya dola 5.66. Taarifa ya habari inaposema mafuta yamefika dola 19, inazungumzia fyucha ya mwezi ulio karibu. Mwenye opsheni ya Juni haimhusu. Yeye anatazama bei ya Juni peke yake, na inaweza kusimama wakati ya Mei inaporomoka. Jumatatu ile Mei ilipofunga chini ya sifuri kwa dola 37.63, Juni ilifunga kwa dola 20.43. Anayesema ana opsheni ya mafuta bila kutaja mwezi wa fyucha bado hajasema ana nini.

Sasa turudi Alhamisi. Bei ya kufungia siku hupatikana kutokana na biashara za dakika mbili za mwisho kabla ya saa nane na nusu mchana wa New York, ambayo kwa Dar es Salaam na Nairobi wakati huo wa mwaka ni saa tatu na nusu usiku. Bei hiyo ndiyo inayoamua nani yuko ndani ya faida, yaani opsheni yake ina thamani ikitekelezwa, kabla ya kuhesabu ada aliyolipa. Opsheni ya mnunuzi wetu ya dola 15 iko ndani kwa dola 4.87. Opsheni ya kuuza ya dola 20, ile aliyoiuza muuzaji wetu, iko ndani kwa senti 13 tu. Opsheni jirani yake, ya kuuza kwa dola 19.50, iko nje kwa senti 37, na inakufa bila thamani.

Opsheni iliyo ndani ya faida siku ya mwisho hutekelezwa yenyewe. Mwenye nayo hahitaji kupiga simu wala kubonyeza chochote. Asipotaka itekelezwe, ni yeye anayepaswa kumwambia dalali wake mapema ili agizo la kinyume lifike sokoni jioni hiyo kabla ya saa ya mwisho. Madalali wengi huweka saa yao ya mwisho mapema kuliko ya soko. Mtu aliyelala akidhani kimya chake kina maana ya kuacha, mfumo umekichukua kama idhini.

Muuzaji hana hata nafasi ya kukaa kimya. Yeye ndiye anayepangiwa. Wenye opsheni wakishatekeleza, soko hugawa utekelezaji huo kwa waliouza, na dalali naye huugawa kwa wateja wake. Muuzaji huambiwa matokeo baadaye, mara nyingi asubuhi inayofuata. Ugumu wake unaongezeka kwa sababu biashara ya fyucha huendelea saa kadhaa baada ya bei ya kufungia kutoka, na mwenye opsheni bado ana muda wa kubadili mawazo. Bei ikishuka jioni, mwenye opsheni ya kuuza ya 19.50 anaweza kuagiza itekelezwe ingawa ilifunga nje. Ikipanda, mwenye ile ya 20 anaweza kuiacha ingawa ilifunga ndani. Muuzaji aliye karibu na bei ya kufungia anaingia usiku akiwa hajui kama kesho ana fyucha au hana. Akijikinga kwa kuuza fyucha mapema, kisha asipangiwe, atabaki na upande wa kuuza asioutaka. Kisa chetu kinachukua njia ya kawaida: ya dola 20 imetekelezwa na muuzaji amepangiwa.

Kuhusu muda wa kutekeleza, opsheni hizi za WTI zinaruhusu mwenye nazo azitekeleze siku yoyote ya kazi kabla ya kuisha. Ni nadra mtu kufanya hivyo na kunufaika. Ukitekeleza mapema unapata tofauti ya bei tu na unaitupa thamani ya muda uliobaki, wakati ungeiuza opsheni yenyewe ungelipwa vyote viwili. Ndiyo maana karibu kila kitu hutokea siku ya mwisho, kwa mkupuo.

Ijumaa asubuhi mnunuzi anafungua akaunti. Opsheni haipo tena. Mahali pake kuna fyucha moja ya Mei, upande wa kununua, iliyoandikwa kwa bei ya dola 15.00. Kwa kuwa fyucha hupimwa upya kila siku kwa bei ya kufungia, tofauti kati ya 15.00 na 19.87 imeshaingizwa kwenye akaunti kama fedha: dola 4,870. Alilipa ada ya dola 5,500, kwa hiyo hadi hapa ana hasara ya dola 630. Hili nalo ni muhimu kwa kisa, maana mtu aliye na hasara ndogo ndiye mwepesi wa kusema acha iende, kesho itapanda.

Muuzaji naye ana fyucha moja ya upande wa kununua, iliyoandikwa kwa dola 20.00. Tofauti ya senti 13 imeshamkata dola 130 kutoka dola 1,200 alizopokea. Aliyekuwa upande wake wa pili, yaani aliyenunua opsheni ya kuuza, amepata fyucha ya upande wa kuuza kwa dola hizo hizo 20. Utekelezaji siku zote huzaa fyucha mbili zinazotazamana. Opsheni ya kununua humpa aliyeinunua upande wa kununua na aliyeiuza upande wa kuuza, na opsheni ya kuuza hufanya kinyume chake.

Kuanzia sasa mnunuzi na muuzaji wana kitu kile kile, wakitofautiana bei ya kuanzia tu. Mnunuzi, ambaye jana hasara yake ilikuwa na sakafu, leo hana sakafu. Dalali anadai dhamana ya fyucha, fedha za kuweka kwenye akaunti ili kufidia hasara ikitokea, ambayo kwa kipindi kile cha misukosuko ilikuwa maelfu ya dola kwa kila mkataba, na akaunti iliyokuwa na ada ya opsheni peke yake inaweza isiitoshe. Dalali makini hulipigia simu hili siku moja au mbili kabla. Kuna madalali wasiowaruhusu wateja wadogo kufika hapo kabisa, huziuza opsheni zao wenyewe mchana wa siku ya mwisho, kwa bei yoyote iliyopo. Mteja hukasirika, lakini sheria hiyo huwa imeandikwa kwenye fomu aliyosaini.

Ijumaa Mei ilifunga kwa dola 18.27. Kila mmoja wao alikatwa dola 1,600. Si siku nzuri, lakini kwa mafuta ya mwaka ule haikumshtua mtu.

Jumatatu ilianza chini kidogo ya dola 18 na kuteremka kutwa nzima. Kisa cha ndani kilikuwa Cushing. Watu wamefungiwa majumbani, magari na ndege zimesimama, mafuta yanaendelea kuingia matangini. Matangi yalikuwa hayajajaa hadi juu, lakini nafasi iliyobaki ilikuwa imeshakodiwa na watu wengine. Aliyebaki na fyucha ya upande wa kununua, bila tangi wala bomba, alikuwa na siku moja na nusu ya kumtafuta mtu wa kuichukua, na waliokuwa na matangi walijua hivyo. Muda mfupi baada ya saa nane mchana wa New York bei ilivuka sifuri. Ilifika dola 40.32 chini ya sifuri, na bei ya kufungia ikawa dola 37.63 chini ya sifuri. Maana yake muuzaji wa fyucha alikuwa anamlipa mnunuzi ili amwondolee mapipa. Baadhi ya majukwaa ya madalali hayakuwa yametengenezwa kupokea bei hasi, hivyo wapo walioshindwa hata kuingiza agizo la kutoka.

Kutoka 18.27 hadi 37.63 chini ya sifuri ni dola 55.90, yaani dola 55,900 kwa mkataba mmoja kwa siku moja. Mnunuzi wetu alilipa ada ya 5,500, akaingiziwa 4,870, akakatwa 1,600, kisha 55,900. Jumla amepoteza dola 58,130 kutokana na opsheni ambayo hasara yake ya juu kabisa ilikuwa dola 5,500. Muuzaji, baada ya kuhesabu ada yake, amepoteza dola 56,430. Angalia kwamba aliyenunua haki amepoteza zaidi kuliko aliyebeba wajibu. Ile kauli ya kwamba mnunuzi wa opsheni hapotezi zaidi ya ada ni ya kweli kwa muda wote ambao bado ana opsheni. Alhamisi usiku hakuwa nayo tena.

Na aliyeuza opsheni ya kuuza ya dola 19.50? Alibaki na ada yake nzima na hakuwa na fyucha yoyote Jumatatu. Alitofautiana na muuzaji wetu kwa senti 50 za bei iliyopangwa, na wote wawili walikuwa na mawazo yale yale kuhusu mafuta.

Jumanne, siku ya mwisho, fyucha hiyo hiyo ilifunga kwa dola 10.01. Kwenye karatasi, mnunuzi aliyevumilia amerudishiwa dola 47,640 na hasara yake yote imeshuka hadi dola 10,490. Lakini ili afike Jumanne ilimlazimu aongeze dhamana Jumatatu jioni, zaidi ya dola 50,000, na dalali akubali kumwacha ashike mkataba wa mafuta halisi siku ya mwisho kabisa. Mwenye akaunti ndogo haruhusiwi. Nafasi yake huuzwa kwa nguvu pale pale bei inapokuwa mbaya zaidi, na nafuu ya kesho yake humpata mtu mwingine.

Mnunuzi angefanya nini Alhamisi? Njia nyepesi ilikuwa kuiuza opsheni yenyewe kabla soko halijafunga. Saa chache kabla ya kuisha, opsheni iliyo ndani kwa kiasi hicho huwa na bei inayokaribia tofauti yenyewe, kwa hiyo angepata takriban zile dola 4,870 pungufu kidogo, bila fyucha. Njia ya pili ni kuiacha itekelezwe lakini kuuza fyucha moja ya Mei siku hiyo hiyo. Utekelezaji ukifika, upande wa kununua unakutana na upande wa kuuza na vinafutana. Njia hii hutumika pale wanunuzi wa opsheni wanapotoa bei ya chini mno, na inahitaji dhamana ya fyucha kwa usiku mmoja. Kama bado aliamini mafuta yatapanda, angefunga ya Mei na kununua opsheni ya Juni, yenye sakafu yake mpya. Kitu ambacho hakikuwa na mantiki ni kubaki na imani ile ile kwa kutumia chombo kilichobakiza siku tatu za uhai.

Msomaji wa kwetu atauliza kama mambo ni hivi pia kwenye kahawa, maana arabika ya Kenya, Tanzania na Uganda ni miongoni mwa zinazokubalika kukabidhiwa kwenye mkataba wa Kahawa C wa soko la ICE, wenye ratili 37,500. Msingi ni huo huo, opsheni moja huzaa fyucha moja, ila kalenda ina mtego wake. Fyucha za kahawa ni za miezi mitano tu: Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Opsheni zipo za kila mwezi. Opsheni ya Oktoba, basi, haina fyucha ya Oktoba ya kusimamia, imesimama juu ya ile ya Desemba, sawa na opsheni ya Novemba. Mfanyabiashara anayekinga mzigo wake kwa opsheni ya Oktoba akitekelezewa atajikuta na fyucha yenye muda mrefu mbele yake, na atakuwa na siku nyingi za kuamua. Aliye na opsheni ya Desemba yenyewe ana siku chache tu kabla ya notisi za kukabidhi kahawa kuanza.

Jumatatu ile iliacha pia kasoro ya hesabu. Fomula iliyokuwa ikitumika kupima opsheni za fyucha, inayojulikana kama Black 76, huchukua logi ya bei, na bei hasi haina logi. Tarehe 8 Aprili CME ilikuwa imeshawatahadharisha wanachama wake kwamba ingeweza kubadili fomula, na kuanzia tarehe 22 Aprili opsheni za mafuta zikapimwa kwa fomula ya Bachelier, inayokubali bei chini ya sifuri.

Mwezi uliofuata mambo yalijirudia kwa kalenda ile ile. Opsheni za Juni ziliisha Alhamisi ya tarehe 14 Mei, na fyucha ya Juni ilifunga siku hiyo kwa dola 27.56. Aliyekuwa na opsheni ya kununua kwa dola 15 alitekelezewa na kupewa fyucha, sawasawa na mnunuzi wetu. Tuseme naye alilala, akabaki nayo Ijumaa, Jumatatu na Jumanne. Jumanne ya tarehe 19 fyucha hiyo ilikoma kwa dola 32.50, na usingizi wake ulimwongezea dola 4,940.